Dole Gumba la Mwenyekiti

Kila asubuhi Nafula, wakala wa bima pale Bungoma, aliwaandikia bodaboda ujumbe mfupi kwenye kundi lao la WhatsApp. Bima ya pikipiki ya kibinafsi ni nafuu, lakini ukibeba abiria wa nauli akaumia, hailipi. Ya biashara ni ghali zaidi. Ukipata ajali, ripoti polisi na utuambie upesi. Wangila, mwenyekiti wa steji, hakukosa kuweka dole gumba.

Leo kaja na ripoti ya polisi. Abiria wake kavunjika mguu, na bima ya pikipiki yake ni ya kibinafsi.

"Mwenyekiti, si nilikuandikia?"

"Ai, madam! Mimi huwa sisomi. Naweka dole ndio vijana wasome."

Nafula akamrudishia karatasi kwa ncha za vidole, kama kitambaa chenye kamasi.

"Basi lipeleke hilo dole hospitali, likamlipie."