Saa za Kuzima Mfumo

Watu hawasomi matangazo. Nililijua hilo tangu mwezi wangu wa kwanza katika kampuni ile ndogo ya Butembo, ambako kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wateja wa programu yetu ya kusimamia dawa: madepo, maduka ya dawa, na vituo vya afya kuanzia Kayna mpaka kaskazini ya Beni. Barua pepe walizifungua kwa bahati mbaya. Ujumbe mrefu wa WhatsApp waliujibu kwa kunipigia simu kuniuliza nimeandika nini. Basi mwaka ule vita vilipokuwa vikipanda kutoka kusini, na sisi tukaamua kuitoa seva yetu katika mji wa huko na kuhamishia kila kitu kwenye mashine ya kukodi nje ya nchi, niliapa kwamba safari hii hakuna mteja atakayeshtukizwa.

Nilimpigia kila mmoja na kumuuliza ni siku gani akikosa mfumo hataumia. Kazi hiyo ilinichosha koo. Mwishowe tukaangukia Jumapili, alfajiri hadi jioni, na nikaandaa tangazo kwa maandishi na kwa sauti yangu mwenyewe. Nilieleza mfumo utazimwa saa ngapi na utarudi saa ngapi. Kabla ya kuzimwa, chapeni orodha ya dawa mlizonazo, pamoja na namba za toleo na tarehe za kuisha. Ukiwa umezimwa, toeni dawa kwa bon, yaani hati za karatasi zenye namba, kila bon na nakala yake. Msijaribu kuingiza kitu kwenye mashine, kwa sababu tutakuwa tumeshachukua nakala ya mwisho na chochote kitakachoandikwa baada ya hapo hakitahama nasi. Mfumo ukirudi, ingizeni bon zote kwa tarehe zake halisi. Mwenye depo kubwa ya Beni, mzee anayeishi hapa Butembo, alimwandikia hata mtunza depo wake ruhusa ya kutumia bon za mkono Jumapili hiyo, jambo ambalo siku nyingine amelikataza kabisa. Tangazo lile lilinipendeza, sitaficha.

Jumatano jioni mkurugenzi wetu akasimama mlangoni pa ofisi na simu mkononi. Waliokuwa wakitutunzia seva kule kusini walikuwa wamemwambia mazuto, dizeli ya jenereta, hayapatikani tena, na mtandao unaweza kukatika wakati wowote. Tunahama kesho, akasema, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Hapo nilimwelewa. Seva ikizimika kabla hatujachukua nakala, tungepoteza kazi ya wateja wote. Kilichonichemsha damu ni alichoongeza alipokuwa anageuka kuondoka: "Tuma tu ujumbe, watasoma."

Kesho ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ni siku ya msafara. Nilimfuata kwenye ukumbi nikamkumbusha. Barabara ya kutoka Beni kupanda Oicha watu waliipita nyuma ya askari, siku zilizopangwa tu. Muuguzi wa kituo kimoja cha afya ng'ambo ya Oicha alikuwa akiteremka na msafara asubuhi, anachukua dawa depo ya Beni, anarudi na msafara uleule mchana. Nilipomuuliza siku yake, mama huyo alinijibu bila kufikiri: siku yoyote isipokuwa Alhamisi. Mkurugenzi alisema mashine haijui msafara. Nikamwambia ndiyo maana waliniajiri mimi. Akacheka, akanipiga bega, akaenda zake. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile nakereka.

Nilipiga simu mpaka masikio yakawaka. Yule muuguzi hakupatikana, minara ya upande wake ilikuwa imelala tangu mchana. Mwenye depo naye simu yake ilikuwa imezimwa. Mtunza depo wa Beni alipokea, akaandika saa mpya, akaahidi kuchapa orodha kabla ya saa mbili. Aliichapa kweli. Kijana wa watu hakuwa na kosa lolote.

Karibu saa tano asubuhi akanipigia. Muuguzi alikuwa amesimama mbele yake na sanduku lake la baridi, anataka dawa ile ya kuzuia mama asivuje damu akishajifungua. Kituoni alikuwa amebakiwa na chupa chache mno, na akina mama wawili walikuwa wameshalazwa wakisubiri siku yao. Mtunza depo alijaribu mashine ingawa nilimkataza, ikamkatalia, kwa kuwa seva ya zamani tulikuwa tumeiacha ya kusoma tu. Nikamwambia atumie bon.

"Bon ya mukono patron aliruhusu ya dimanche," akasema. "Leo iko jeudi. Mi siwezi tosha carton ya dawa kwa depo, dada. Nitafukuzwa."

Nikamwambia hii ndiyo kazi ileile, ni siku tu iliyosogea. Akasema analijua hilo, ila karatasi aliyonayo imeandikwa Jumapili. Sikuweza kumkasirikia. Nilimkasirikia kila mtu mwingine, pamoja na mlinzi wetu, ambaye alikuwa anakula muhogo wake kwa amani.

Nikaenda kumtafuta mwenye depo mwenyewe, lakini duka lake la hapa mjini lilikuwa limefungwa. Jirani akaniambia mzee yuko matangani, kwenye kilima upande wa pili wa mji. Nikapanda pikipiki ya motari, mvua ikatukuta njiani, matope mpaka magotini. Nikamkuta amekaa katikati ya wazee wenzake kwenye viti vya plastiki, padri anasali. Ilibidi nisubiri sala iishe, na padri yule hakuwa na haraka. Kisha mzee akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote. Aliniuliza kama mashine imeharibika. Nikasema hapana, inahamishwa. Akauliza mbona nilimwambia Jumapili. Nikamweleza. Akatikisa kichwa polepole, akawasha simu na kumwambia kijana wake atoe dawa kwa bon, leo na siku yoyote tutakayomwambia.

Nikamwona anasikiliza, halafu ananipa simu.

"Amesha enda," mtunza depo akaniambia. "Alingoya mpaka basoda ba musafara bakapiga filimbi. Alipanda na sanduku yake vile ilikuya, bule."

Nilirudi ofisini nimelowa. Huko walikuwa wanashangilia. Nakala ilikuwa imefika nzima, hesabu za pande zote mbili zililingana, na mfumo ulikuwa umewaka saa tisa, saa nzima kabla ya muda tuliotangaza. Mkurugenzi aliniomba niwajulishe wateja wote, na nisisahau kutaja kwamba tumemaliza mapema. Nilikaa na nguo zangu zenye maji nikaandika kama alivyotaka: mfumo umerudi, ingizeni bon zenu, tumemaliza mapema kuliko tulivyowaahidi.

Majibu yalianza kuingia, vidole gumba na asante. Jioni minara ya kaskazini ikaamka, na simu ikalia tena. Alikuwa yule muuguzi. Aliandika maneno matatu tu.

"Mapema kwa nani?"

Mkurugenzi alikuwa anapita na glasi ya soda, akauliza wateja wanasemaje. Nikamwambia mmoja ana swali, nikamkabidhi simu ajibu mwenyewe. Aliandika, akafuta, akaandika tena, akafuta. Kisha akaiweka simu mezani kwangu, akaniuliza huyo mama msafara wake ujao ni lini. Nikamwambia ni Alhamisi ijayo.