Alama za Chaki Mlangoni

Wifi yangu alinipigia simu nikiwa kwenye genge langu la chakula Mikumi. Kuku wanaharisha, akasema, na asubuhi ile ameokota wengine wamekufa. "Kuna mtu katutupia jicho, wifi."

Niliacha maharage jikoni nikapanda gari kwenda nyumbani Kimamba. Kuku wale mia walikuwa wamebakiza wiki chache waanze kutaga, na kwa mayai yao nilitaka niachane na genge, nirudi kulala na wanangu. Mume wangu alikuwa kanionya mapema: "Usimwachie dada yangu, namjua." Nikamgombeza! Nikamwambia damu haisemwi hivyo.

Vyombo vya maji vya kuweka chini nilivikataa mimi mwenyewe, maana kuku huparua mpaka maji yanajaa pumba na kinyesi. Nikafunga bomba lenye chuchu: kuku anagusa kwa mdomo, tone linashuka, safi. Lakini bomba nalo lina adabu yake. Ukiwapa vitamini, utelezi unaota ndani na vijidudu vinazaliana humo. Kwa hiyo kila Jumamosi wifi afungue kizibo cha mwisho, maji yapite kwa nguvu mpaka yatoke meupe. Tangi alifunike kwa magunia ya katani yaliyoloweshwa, maji yasipate moto. Akimaliza, aweke alama ya chaki kwenye mlango wa banda. Tulikubaliana hivyo, tukacheka, tukaagana.

Nilipofika, alama zilikuwa zimejipanga vizuri kabisa. "Si unaona mwenyewe?" akasema.

Nikagusa tangi, likaniunguza kiganja. Magunia yalikuwa uani, kayaanikia mahindi. Nikaenda kwenye kizibo nikakuta utando wa buibui umekizunguka chote. Hakijaguswa tangu nilipokikaza kwa mkono wangu. Nikakifungua. Jamani! Ukachuruzika ute wa kahawia, unanuka uozo, na chuchu za mwisho zilikuwa zimeziba hazitoi hata tone.

Nilikaa chini nikalia, kwa hasira.

"Mimi nilikutetea kwa kaka yako!"

"Kuku si wanakunywa tu, wifi? Kila wiki kuosha bomba, kwani ni vikombe vya wageni?"

Niliwawekea kuku maji ya baridi kwenye mabeseni, nikajaza dawa ya klorini kwenye bomba lilale nayo, kesho yake nikasuuza mpaka harufu ikaisha. Walibaki kama nusu, wamekonda, na mimi nikajua nitarudi Mikumi.

Kabla ya kuondoka nilichukua kitambaa nifute ule mlango. Kitu kikaniambia, hesabu kwanza. Tangu niondoke zilikuwa zimepita Jumamosi sita. Mlangoni zilikuwa alama tisa.