Ngazi ya Maswali ya Mwalimu Kovanen

Ardis Kovanen aliingia darasani kama mwalimu wa biolojia kwa mara ya kwanza Jumanne, Agosti 26, 1997, katika sekondari ya Pike Hollow, mji wa wachimba chuma kaskazini mwa Minnesota. Hajahama tangu siku hiyo. Picha yake imo katika kitabu cha shule cha kila mwaka. Nywele zinapungua rangi, miwani inabadilika, lakini chumba kilicho nyuma yake ni kilekile.

Mjini hapo wapo waliofundishwa naye wao wenyewe, kisha watoto wao. Wote wanakumbuka maswali yake. Hakuwahi kununua maswali wala kuyachukua nyuma ya kitabu. Huyatunga mwenyewe, kila swali kwenye kadi yake, kisha huzitandaza kadi juu ya meza ya jikoni na kuzipanga kuanzia jepesi hadi gumu. Kadi za chini ni za kukumbuka: majina ya sehemu, fomula, nini kinaingia na nini kinatoka. Zinazofuata ni za kuelewa. Za juu kabisa humpa mwanafunzi jaribio ambalo hajawahi kuliona na kumtaka aseme litaishaje.

Majira haya ya baridi alikuwa na sababu ya kujitahidi zaidi. Shule tatu za wilaya zilikubaliana kutumia seti moja ya maswali kwa sura ya usanisinuru, na Kovanen ndiye aliyeombwa kuitunga. Alitunga maswali kumi na sita na kuyajaribu kwanza kwa darasa lake mwenyewe.

Matokeo yalimfurahisha. Aliyapanga kwenye kompyuta kama anavyoyapanga siku zote: wanafunzi waliopata alama nyingi juu, waliopata chache chini, maswali mepesi kushoto, magumu kulia. Seti ikiwa imepangwa vizuri, majibu sahihi hujaa kushoto na kupungua kulia, na ukingo wake hushuka kama ngazi. Ngazi yake ilishuka sawasawa. Tena maswali ya juu, ambayo kwa kawaida huwaangusha wengi, zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wameyapata.

"Zaidi ya nusu!" alimwambia Roy Sertich, mwalimu wa kemia, kwenye chumba cha walimu. "Kwako wangapi wangepata?"

"Kwangu? Kwangu tungeshukuru Mungu wakiandika majina yao sawa," Roy alisema, mdomo umejaa keki. "Basi, malkia, utuachie na sisi kiti cha kukalia."

Mstari mmoja tu ulikuwa umeharibu ngazi ile, nao ulikuwa wa Delaney Zupan. Delaney alikosa swali la nne, la tano na la sita, yaliyokuwa miongoni mwa mepesi kabisa ya sura hiyo. Kisha akapata la kumi na tatu, la kumi na tano na la kumi na sita. Mstari wake ulikuwa kama mtu aliyepanda ghorofani bila kukanyaga ngazi. Na alikuwa amekaa jirani na Kirsten Maki, ambaye hakukosa swali hata moja.

Delaney ana umri wa miaka kumi na sita na ni golikipa wa timu ya wasichana ya hoki ya barafuni. Mwezi Januari alianguka na kugonga kichwa, daktari akamzuia kusoma, na kwa majuma mawili hakuonekana shuleni. Katika majuma hayo ndipo Kovanen alipofundisha majina ya sehemu za jani na kloroplasti. Mwalimu aliyajua yote hayo. Aliyatafsiri hivi: mtoto hakusoma, alijaribu mwanzoni, akaona anazama, akageuza shingo kwa Kirsten.

Alimwita Alhamisi, mwisho wa kipindi, wenzake wakiwa bado wanafunga mikoba.

"Delaney, mwani ukipewa maji yenye oksijeni nzito, ile inayoweza kufuatiliwa kwa vipimo, oksijeni hiyo itaonekana wapi?"

"Kwenye gesi inayotoka, mwalimu."

"Ulijuaje?"

"Si swali la nne limesema?"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Kovanen alidhani anachekwa yeye.

"Swali la nne lilikuuliza sehemu ya kloroplasti. Nawe ukalikosa."

"Nililikosa ndiyo, jina silijui. Lakini lenyewe liliniambia—"

"Maswali yangu hayaongei, binti. Kirsten ndiye anayeongea, au karatasi yake."

"Mimi hata sikufungua mdomo!" Kirsten alisema kutoka mlangoni.

Delaney alinyamaza. Shingo ilimgeuka nyekundu. Mwalimu alichukua ukimya huo kuwa jibu, akampa sifuri, na kabla ya kengele ya mwisho akapeleka taarifa kwa Bwana Haugen, mwalimu mkuu msaidizi. Sheria ya shule ni fupi: aliyenakili mtihani hachezi mchezo wa timu unaofuata.

Mchezo uliofuata ulikuwa Jumamosi, nusu fainali ya kanda. Golini alisimama msichana wa darasa la tisa ambaye hakuwahi kuanza mechi. Pike Hollow walifungwa mabao matano kwa moja. Delaney aliitazama mechi akiwa jukwaani, amevaa koti la timu, kati ya baba yake na mama yake, na hakuna aliyekaa karibu nao.

Kovanen hakwenda uwanjani. Habari aliipata kesho yake, alipotoka kanisani na kusimama kununua petroli.

"Haya, shoga," Bev, muuzaji wa kituo cha mafuta, alimwambia, akimrudishia kadi ya benki bila kumtazama. "Umetufungisha. Lakini wanasema ulikuwa na haki."

"Nilikuwa na haki, Bev."

"Ndiyo, basi. Ndicho nilichosema."

Mchana huo alikaa jikoni kutengeneza toleo la pili la maswali. Alilihitaji kwa sababu ya Delaney: kama majirani wawili wana karatasi zenye mpangilio tofauti, kunakili hakuna faida. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Alichanganya kadi kama karata na kuzitandaza upya, chungu cha nyama na viazi kikiwa ndani ya oveni.

Kadi ya kumi na tatu ilidondokea juu ya kadi ya nne. Alizisoma kwa kufuatana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa kuwa kwenye ngazi yake kadi hizo zilikaa mbalimbali.

Ya kumi na tatu iliuliza kuhusu mwani na oksijeni nzito. Ya nne ilisema: *Oksijeni inayotoka kwenye mmea hutokana na maji yanayopasuliwa kwa nguvu ya mwanga. Maji hayo hupasuliwa katika sehemu gani ya kloroplasti?*

Alisimama akazima oveni, ingawa chakula hakijaiva. Akarudi kutafuta ya tano. *Mwanga ukiwa wa kutosha, kinachozuia kasi ya usanisinuru isiongezeke huwa ni joto au kiasi cha kaboni dioksidi. Gesi hiyo huingia kwenye jani kupitia matundu yanayoitwaje?* Ya kumi na sita ilichora mstari wa kasi unaopanda kadiri mwanga unavyoongezeka, kisha unalala. Joto lilikuwa tayari la kutosha, na swali lilitaka kujua kiongezwe nini ili mstari upande tena.

Ya sita ilieleza kuwa mzunguko wa Calvin, unaotengeneza sukari, hutumia ATP na NADPH, akiba za nishati zilizotengenezwa kwa mwanga, kisha ikauliza mahali unapofanyika. Ya kumi na tano iliuliza kwa nini taa ikizimwa utengenezaji wa sukari huendelea kwa sekunde chache tu, kisha husimama.

Kila swali jepesi lilikuwa limebeba jibu la swali gumu mgongoni. Alikuwa ameyapamba mwanzo wake kwa maelezo ili yasionekane makavu. Wanaojua majina waliona neno "matundu" au "sehemu gani", wakaweka alama na kupita. Asiyejua majina, ambaye tangu katazo la daktari alizoea kusoma polepole, alikuwa amesoma kila neno, akakosa jina, akabaki na maelezo. Akafika juu na kuyatumia.

Lililofuata lilimuumiza vilevile. Zaidi ya nusu ya darasa iliyomfanya atambe mbele ya Roy haikuwa kazi ya ufundishaji wake. Wengine nao walikuwa wameambiwa majibu na karatasi yenyewe. Ile ngazi nzuri haikuonyesha chochote kuhusu usanisinuru.

Kwa muda alifanya kile ambacho mikono yake imezoea. Alichukua kalamu, akafuta maelezo ya nne, ya tano na ya sita, akabakiza maswali mafupi. Ilikuwa kazi ndogo. Seti sasa ilikuwa safi, na hakuna mtu Pike Hollow ambaye angewahi kujua ilivyokuwa, isipokuwa yule aliyekwisha kusema mbele ya darasa zima. Naye alikuwa ameambiwa kwamba maswali hayaongei. Kovanen alihisi joto likipanda usoni akiwa peke yake jikoni, kana kwamba kuna mtu anamtazama.

Jumatatu asubuhi aliweka kadi za zamani mezani kwa Haugen, jozi tatu.

Haugen alizisoma mara mbili. "Taarifa naifuta leo. Alama zake zinarudi. Wazazi nitawapigia." Akavua miwani. "Mechi siwezi kuirudisha, mwalimu."

"Najua."

"Yule mtoto alikuambia?"

"Aliniambia. Sikumwacha amalize."

Delaney aliitwa. Alisimama karibu na mlango, mkoba begani, akasikiliza mpaka mwisho. Kovanen aliongea akiitazama kamba ya mkoba ule.

"Kwa hiyo nilikuwa sawa," Delaney alisema.

"Ulikuwa sawa. Nisamehe."

"Hapa ofisini hakuna mtu, mwalimu."

Kovanen hakuelewa. Haugen ndiye aliyeelewa kwanza, akainama kupanga karatasi zake.

"Aliposema nimenakili walikuwepo wote," Delaney alimwambia Haugen, kana kwamba mwalimu hayupo chumbani. "Kirsten naye alikuwepo. Bado hataki kukaa na mimi, eti watasema tunanakiliana. Jumamosi watu walihama viti. Sasa msamaha ni wa hapa, mlango umefungwa?"

"Delaney, adabu," Haugen alisema taratibu.

"Mwache," Kovanen alisema. "Anasema kweli."

Mchana alimpata Roy kwenye chumba cha walimu na kumwambia aziarifu shule nyingine mbili kwamba seti haiko tayari, na kwa nini. Roy alingoja kichekesho, hakikuja, akasukuma sahani ya keki upande wa Kovanen. Naye hakuigusa.

Kesho, kipindi cha tatu, mwalimu Kovanen ataweka kadi sita ukutani mbele ya darasa, ya nne kando ya ya kumi na tatu, ya tano kando ya ya kumi na sita, ya sita kando ya ya kumi na tano, na kueleza alichokifanya. Delaney na Kirsten watakuwepo. Kisha darasa zima litafanya mtihani upya.