Kitambaa cha Kufutia Macho

Nilikuwa mwanamke msafi, na usafi huo nilijivunia kupita kiasi. Nilizaliwa upande wa Kenya, nikaolewa Paya, ng'ambo ya mpaka, na wakwe zangu walinitania kwamba siku moja ningewaogesha hata kuku. Miaka hiyo ya sitini mume wangu alikuwa kazini kwenye reli, mbali. Nilibaki na mama mkwe, ng'ombe mmoja wa maziwa na maksai wawili wa kuvuta plau. Bila maksai hao, hapakuwa na wimbi la uji wala pamba.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha, ng'ombe wa maziwa alianza kutoa machozi jicho moja. Akilipeleka juani analifumba, na nzi walimjaa usoni. Nikachemsha maji, nikatia chumvi kidogo, yakapoa, nikachana kanga kuukuu nikamfuta. Kisha nikajitia ujuaji: ili wasiambukizwe, nikawafuta na maksai pia, kitambaa kilekile, beseni lilelile, asubuhi na jioni. Mama mkwe alinisifu.

Hazikupita wiki mbili, maksai nao wakawa wanatoka machozi. Yule wa upande wa kulia wa nira jicho moja, wa kushoto yote mawili, na katikati ya kila jicho bovu palikuwa na doa jeupe. Nikaenda kumwita bwana mifugo.

Alikuja kwa baiskeli. Aliuliza wanashinda wapi, nikamwonyesha uwanja mweupe, usio na kivuli. Miti ya pale tuliikata tupande pamba. Halafu akakiokota kile kitambaa kwenye beseni, akakitazama.

"Mama, nzi nabeba machozi ya huyu, napeleka kwa yule," alisema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Na wewe pia nabeba. Na hii kitambaa."

Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu yalifika palepale.

Akanifundisha. Kila mnyama na kitambaa chake, kikitumika kichomwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumgusa mwingine. Dawa ya tyubu niibane ndani ya kope la chini, mara tatu kwa siku. Mchana wakae ndani, kwa sababu mwanga unaliumiza jicho bovu, na nzi wale wa usoni hupenda jua, hawamfuati mnyama gizani. Nilitoa vyungu jikoni, nikawaingiza ng'ombe, nikapika nje.

Ng'ombe wa maziwa alipona. Maksai wa kulia alipona, akabaki na kovu. Wa kushoto, ambaye nilimfuta kuliko wote kwa kuwa alikuwa mpole, jicho moja lilipasuka na la pili likawa jeupe lote. Nililia, na sikujificha.

Mvua ilipoanza, mama mkwe aliamua auzwe kwa mchinjaji. Mtu yule alivuta kamba, maksai akagoma katikati ya uwanja. Nikamwendea, nikamshika taya. Alipohisi mkono wangu akainamisha kichwa, akatulia, akingoja nimfute macho. Nikamwongoza mwenyewe mpaka barabarani.