Imekataa

Dada yangu mkubwa anaishi Mombasa, anaandika programu, na kulikuwa na njia moja tu ya uhakika ya kumfanya apige simu huku Garsen: kumwambia kitu chake kimeharibika. Njia hiyo niligundua mimi. Sijivunii. Haya, kidogo.

Alikuwa ameitengenezea klabu yetu ya kompyuta shuleni API ya kina cha mto, yaani mlango wa mtandaoni ambao programu nyingine hupitishia vipimo. Mjomba aliye kijiji cha Wema husoma nguzo ya kupimia maji, ananipigia, najaza fomu. Programu yetu hutuma kipimo kwa API, na wakulima wenye pampu ukingoni hupata meseji. Ikigoma, dada alitaka mambo matatu: tuliita anwani gani ya mtandao, tulituma nini, tulijibiwa nini. Yote huwa kwenye skrini. Mimi nilimwandikia neno moja: "Imekataa."

Ukimpa yote matatu, anarekebisha, anajibu "poa", basi. Ukimpa neno moja, lazima apige.

"Wewe mtoto, imekataa nini? Kusoma au kutuma?"

"Imekataa tu, dada. Imekataa kwa moyo wote."

Anacheka, anaanza kuniuliza moja moja, na mama ananinyang'anya simu kuuliza kama huko anakula vizuri. Nusu saa nzima sauti yake inakuwa sebuleni.

Siku moja kabla ya Idd, mto ulikuwa unapanda. Dada alikuwa na tiketi ya basi la saa sita la kuja nyumbani kwa sikukuu. Mjomba akapiga: "Leo ni mita tatu, mimi maji yamenifika magotini!" Penye namba nikaandika "magotini". API ikajibu kosa la 400: kipimo lazima kiwe namba. Nilicheka peke yangu, nikamtumia dada: "Imekataa." Nilitaka tupige stori kabla hajapanda basi.

Nikaacha simu kwa kinyozi ipate chaji, nikaenda kumkunia mama nazi.

Alasiri nilikuta simu nne zisizopokelewa na ujumbe: "Kumbukumbu za seva zimejaa makosa ya kila shule inayotumia API, sijui lenu ni lipi. Siwezi kuwaacha watu wa Wema bila kipimo mto ukipanda. Basi limeniacha. Mengine yamejaa."

Nilimtumia yote matatu: anwani, "magotini", na jibu lilivyokuja.

Haikupita dakika. "API ni nzima. Weka namba."

Niliweka 3. Ikapita.

Mama alikuwa amekwisha kutandika kitanda cha dada. "Amefika wapi?" akaniuliza. Nilimweleza. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alifunika wali, akatoka kutazama barabara hata hivyo.

Siku hizi natuma yote matatu. Dada anajibu "poa".

"Hakupiga?" mama huuliza.

"Hapana, mama. Kitu chake kizima."