Kigunduzi cha Darasa la Tatu

Siku ile ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Uluguru hadi kwenye bati la jiko la shule, na mwalimu mkuu alikuwa amevaa tai. Shule ile ipo pale lami ya Morogoro inapochoka na njia ya kupanda mlimani inapoanza, na tai huko huvaliwa kwa ajili ya wakaguzi tu. Mimi sikuwa mkaguzi. Nilikuwa nimechapisha riwaya moja, iliyosomwa na rafiki zangu na baadhi ya rafiki zao, na kwa sifa hiyo niliitwa kusaidia kuchagua insha ya darasa la tatu itakayosomwa siku ya wazazi.

Jambo hilo lina uzito zaidi kuliko linavyosikika. Kila mwaka mtoto mmoja wa darasa la tatu hupandishwa juu ya meza uwanjani na kusoma insha yake. Wazazi wa vijiji vya juu hushuka wakiwa wamevaa nguo za Jumapili, na mtoto yule hubaki na insha yake kama jina la pili. Mtu mzima anaweza kupita sokoni na muuza nyanya akamwonyesha kidole: huyo ndiye wa insha ya ng'ombe.

Nilisoma madaftari arobaini na mawili. Yote yalianza sawasawa, kwa sababu mwalimu wa darasa, mama mmoja aliyekaribia kustaafu, aliandika mwanzo ubaoni na watoto wakaunakili: Mimi ninaishi na fulani. Fulani ni mkulima. Fulani anaamka mapema. Ndivyo alivyofundisha miaka yote: mpe mtoto ukuta wa kushikilia, siku moja ataachia mwenyewe.

Msichana mmoja alikuwa ameachia kidogo. Insha yake yote ni hii:

"Mimi ninaishi na bibi yangu. Bibi yangu ni mkulima. Bibi yangu analima kabichi na karoti. Bibi yangu anaamka mapema. Bibi yangu akicheka anaziba mdomo na khanga. Mimi ninampenda bibi yangu. Mwisho."

Nilisoma sentensi ile ya khanga mara tatu. Nimekaa miezi nikitafuta sentensi kama ile kwa ajili ya wahusika wangu, na sikuipata. Nikasema, "Huyu."

Mwalimu mkuu akatabasamu, akanyoosha tai. "Vizuri sana, dada mwandishi. Sasa tuihakiki."

Alikuwa ametoka semina mjini, na huko alikuwa ameonyeshwa kigunduzi, programu ya kwenye mtandao inayosema kama maandishi yametungwa na mtu au na akili mnemba. Vyuo vikuu vinatumia, alisema, kwa hiyo sisi ni nani tusitumie? Akamwita mwalimu wa TEHAMA, kijana aliyesoma shule hiyohiyo akarudi kufundisha, mwenye kompyuta mpakato iliyobandikwa stika ya timu ya mpira. Katibu wa ofisi alikuwa ameshachapa insha zote, na kwa huruma yake alikuwa amezinyoosha: nukta mahali pake, herufi kubwa mahali pake, mfuto wowote wa kifutio umepotea.

Kijana akabandika insha ya msichana. Kigunduzi kikagoma. Kiliandika kwamba maandishi ni mafupi mno kuweza kupimwa.

Mahali pengine mambo yangeishia hapo, tukanywa chai. Lakini mwalimu mkuu hakuwa mtu wa kushindwa na ufupi.

"Kinataka maneno mangapi?"

"Mengi, Mkuu. Mara kumi ya haya, na zaidi."

"Basi mwongezee."

"Nimwongezee nini?"

"Wenzake! Unganisha na wa dawati lake, na wa nyuma, mpaka zitoshe. Si wote darasa la tatu?"

Na kweli akaziunganisha. Insha kumi na mbili za watoto kumi na wawili zikawa insha moja ndefu ya mtu mmoja asiyekuwepo, ambaye anaishi na bibi, na baba, na shangazi, tena na bibi, na wote ni wakulima, na wote wanaamka mapema. Kigunduzi kikafikiri. Mstari mwekundu ukatambaa kwenye kioo hadi karibu na mwisho: uwezekano mkubwa, imetungwa na mashine.

Mwalimu mkuu akavua miwani kama daktari mwenye habari mbaya.

"Kumbe," alisema. "Na mlimani kwenyewe umeme unarukaruka."

Msichana akaitwa. Aliingia na soksi moja imeshuka, akasalimia shikamooni kwa wote kwa pumzi moja.

"Nani aliandika insha hii?"

"Mimi."

"Nani alikusaidia?"

Akafikiri kwa uaminifu wote wa miaka tisa. "Mwalimu."

"Ahaa! Nyumbani kuna simu?"

"Ya bibi."

"Inaingia mtandao?"

"Inawaka tochi."

Mwalimu wa TEHAMA akaangalia dirishani kuficha kicheko. Lakini mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kuamua. Msichana angeondolewa kwenye meza ya siku ya wazazi, bibi yake angeitwa, na mstarini ingetolewa nasaha kuhusu udanganyifu. Msichana hakulia. Aliuliza tu kama daftari lake atarudishiwa, na alipoambiwa libaki ofisini kama kielelezo, akapandisha soksi akatoka. Mwalimu wake wa darasa aliniambia kesho yake kwamba katika zoezi la kuandika, mtoto yule alinakili sentensi za ubaoni tu, moja baada ya nyingine, akaweka kalamu chini. Hakuongeza neno lake hata moja.

Hilo ndilo lililonirudisha ofisini. Nilikuwa nimesoma maandishi madogo chini kabisa ya ukurasa wa kigunduzi, pale watu huwa hatufiki. Yalisema kwamba matokeo ni makadirio na si ushahidi, yasitumike peke yake kumwadhibu mtu. Yalisema pia kwamba maandishi mafupi na lugha ambazo programu haikufunzwa vya kutosha huongeza makosa. Nilimwonyesha mwalimu mkuu. Alisema hayo ni maneno ya wanasheria.

"Hebu mweleze kinavyofanya kazi," nilimwambia mwalimu wa TEHAMA.

Kijana akakuna kichwa. "Kwa kifupi, Mkuu, kinatazama kama maneno yanatabirika. Ukisoma 'bibi yangu ni', neno linalofuata unalijua. Mashine huandika maneno yanayotabirika, na sentensi zake huwa na urefu wa kufanana. Kwa hiyo kikikuta hivyo, kinashtuka."

"Na mtoto wa darasa la tatu anaandikaje?" niliuliza.

"Hivyohivyo. Ana maneno machache. Sentensi zake zote fupi. Na mwanzo kapewa ubaoni." Akaanza kusikia alichokuwa anasema. "Yaani tukimfundisha vizuri ndiyo kinamkamata zaidi."

"Wewe unatetea au unaeleza?" mwalimu mkuu akauliza.

Hapo mwalimu wa darasa, ambaye alikuwa amekaa kona akisahihisha hesabu, akainuka. Alifungua kabati la chuma, akatoa furushi la insha zilizofungwa kwa uzi wa katani. Huwa anahifadhi insha za darasa la tatu za kila mwaka. Panya wamekula miaka miwili tu. Furushi lile lilikuwa la zamani, karatasi zimekuwa rangi ya chai, la siku ambazo kompyuta pekee tarafani ilikuwa imefunikwa kitambaa ofisini kwa padri.

"Chapa hizi, mwanangu," alimwambia mwalimu wa TEHAMA. "Kama zilivyo."

Kijana akachapa. Kwenye karatasi ya tano akasimama.

"Mwalimu, hii si yangu?"

"Endelea kuchapa."

Mimi ninaishi na baba yangu. Baba yangu ni mkulima. Baba yangu anaamka mapema. Kijana aliiunganisha insha yake na za wenzake wa wakati huo, kwa utaratibu uleule aliouanzisha mwalimu mkuu. Mstari mwekundu ukatambaa, ukafika palepale.

"Kwa hiyo," mwalimu wa darasa akamwambia, "wewe nawe ni mashine. Nilikuwa nakuchapa bure."

Tulicheka wote isipokuwa mmoja. Mwalimu mkuu alitafakari, kisha akasema kitu ambacho siwezi kukitunga hata kwa malipo: basi inaelekea tatizo hili shuleni kwetu ni la muda mrefu.

Kijana sasa alikuwa amepata moto. Akarudi kwenye rundo la kwanza, akaacha insha ya msichana mahali pake, akaondoa za majirani wawili na kuweka za watoto wawili wa mstari wa mwisho, ambao hawakuwahi kufuata ubao hata siku moja. Mmoja alikuwa ameandika sentensi moja tu, ndefu kama njia ya kwao, kuhusu nguruwe aliyeingia kanisani. Mstari ukageuka kijani. Mtu.

"Insha ya binti ni ileile," nilisema. "Hakuna herufi iliyobadilika. Jana alikuwa mdanganyifu kwa sababu ya jirani zake, leo ni mkweli kwa sababu ya nguruwe."

Mwalimu mkuu akatazama kijani kile muda mrefu. Kilikuwa kimetoka kwenye kigunduzi chake mwenyewe, hakikuwa maneno ya mwandishi wala ya mama mzee. "Basi imehakikiwa," alisema, akagonga muhuri juu ya daftari na kulirudisha. Hakukiri kosa. Aliagiza tu kwamba mwaka ujao kila darasa liwe na mtoto mmoja wa nguruwe, kwa tahadhari.

Siku ya wazazi jua lilitoka. Msichana alipandishwa mezani, soksi zote mbili zikiwa juu. Chini, katika mstari wa pili, nilimjua bibi yake bila kuonyeshwa: mwanamke mwembamba mwenye udongo wa mlimani kwenye mipasuko ya kisigino, khanga mpya, mikono miwili ameibana magotini kama anayepigwa picha. Barua ya kwanza ya shule, ya kumwita kwa udanganyifu, ilikuwa imemfikia kabla ya ya pili, ya kumwalika, na alishuka bila kujua sawasawa kama amekuja kupongezwa au kusutwa.

Mtoto alisoma polepole. Kabichi na karoti. Anaamka mapema. Kisha akafika kwenye khanga, akamtazama mwalimu mkuu, akamtazama bibi, akasoma.

Uwanja mzima ukageuka kumwangalia yule bibi. Alijitahidi. Aliikaza mikono magotini, akakunja midomo, akatazama juu milimani kana kwamba kuna ng'ombe wake huko. Kisha kikamshinda. Kicheko kikamtoka kama maji ya mfereji, na kabla hajakumbuka kwamba watu wote wanamtazama, pindo la khanga lilikuwa limeshafika mdomoni.