Siku za Gari Kusimama

Saa kumi alasiri, dukani kwake Kasulu, Tamimu alisikia matairi yakisaga changarawe pasipo mlio wa injini. Hakuinua kichwa. Alikuwa anapima sukari, akaendelea kupima, ila mkono ulimwaga robo nzima juu ya kaunta. Mteja akamwangalia, akaangalia barabarani, hakuona kitu.

"Umesikia gari?" Tamimu akamuuliza.

"Gari gani tena, tajiri?"

Huo ulikuwa mwezi wa kumi na moja tangu Pasikali azikwe. Enzi za uhai wake, basi dogo la Tamimu lilirudi kutoka Kibondo saa hiyo hiyo. Lilipofika juu ya kilima cha kuingilia mjini, Pasikali alizima injini, akatoa gia, akaliacha literemke lenyewe kimya kimya mpaka mlangoni pa duka, abiria wakicheka kwa raha. Tamimu alikuwa akitoka nje kumsifu mbele ya watu. "Huyu ndiye dereva! Anaijua bei ya petroli huyu!" Sasa sifa zile zilikuwa zinamrudia mwenyewe kila alasiri, na hakuna dua aliyoisoma ikazizima.

Tuseme kweli, Tamimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu. Kule Ujiji alikokulia, mjomba wake alimfundisha kujumlisha kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na tangu hapo akaamini kwamba jambo likikaa sawa kwenye daftari basi limekaa sawa duniani. Siku aliponunua basi lile kwa shilingi elfu hamsini na sita, alikaa na kalamu yake akaandika mpango ambao ulimfurahisha mpaka akamsomea mkewe, Mwanaamina, kama barua ya mapenzi. Dereva ataleta shilingi tisini kila siku ya kazi. Kitakachozidi ni chake yeye na utingo wake. Petroli atanunua mwenyewe, na matengenezo madogo madogo ni juu yake. Mwenye gari atashughulikia matairi na injini tu. Gari litapumzika Ijumaa. Siku ishirini na sita kwa mwezi, mara tisini, mara miezi ishirini na minne: gari limejilipa, na senti za soda zimebaki.

"Na siku likiharibika?" Mwanaamina aliuliza.

"Gari jipya linaharibikaje?" alijibu Tamimu, akafunga daftari.

Hakuna aliyemcheka, maana matajiri wote wa magari walikuwa wanafanya hivyo hivyo. Na mwanzoni mambo yalikwenda. Vijiji vipya vilikuwa vimepangwa kando ya barabara, watu walikuwa na safari za kwenda kutazama mashamba waliyoyaacha na ndugu waliotengana nao, na basi lilijaa tangu Kasulu, likaongeza wengine Makere mpaka mlango haufungi. Leo linakwenda Kibondo, linalala huko, kesho linarudi. Kila aliporudi, Pasikali alileta tisini mbili, ya kwenda na ya kurudi, hakukosa hata mara moja. Hata masika, barabara ikiwa uji, alileta. Tamimu hakuwahi kujiuliza zilitoka wapi siku ambazo basi lilishinda limezama kwenye tope. Hilo nalo lilikuwa linamwandama sasa.

Alizijua habari zote baadaye, kwa fundi aliyelikagua gari bovu. Raba ya breki ya gurudumu moja la nyuma ilikuwa imekufa zamani, mafuta ya breki yanavuja. Pasikali alikunja bomba la mafuta la gurudumu lile kwa koleo, akaligonga likazibika, akawa anatembea na breki za magurudumu matatu. Madereva wengi walifanya hivyo vipuri vilipoadimika. Kisha gurudumu la pili nalo likaanza kuvuja. Siku ile, kwenye mteremko mrefu ulio baada ya Makere, alikuwa ametoa gia ili aokoe petroli yake, petroli ya mfukoni mwake. Alipokanyaga breki, mguu ulifika sakafuni. Akajaribu kurudisha gia, ikakataa, gari limeshashika kasi. Akalielekeza kwenye ukingo wa udongo, upande wake mwenyewe. Abiria walivunjika mikono na mbavu. Aliyekufa ni dereva peke yake.

Watu wa Makere wakaanza kusema kwamba mteremko ule una gari linalopita kimya. Tamimu alipoambiwa alikemea, akasema huo ni ushirikina. Halafu akaingia chumbani akakaa juu ya kitanda na viatu vyake.

Sasa kwa nini alitaka kununua gari tena? Mwanaamina alimuuliza hivyo, si mara moja. Leseni ya njia ya Kibondo ilikuwa bado mikononi mwake, na ofisini walimwambia wazi kwamba ikifika Januari bila gari barabarani, watampa mwingine. Alikuwa ameuza nyumba aliyorithi Ujiji. Fedha zilitosha mabasi madogo mawili. Lakini madereva walimkwepa. Mmoja alisema mgongo unamuuma, mwingine akadai amepata kazi Kigoma. Aliyebaki, na aliyekuwa hodari kuliko wote, ni Longinus, mdogo wake Pasikali, aliyekuwa akiendesha lori la ushirika. Longinus alijibu kwa mkato: "Nitakuja kuusikia mpango wako, tajiri. Nitakuja na shemeji. Akikubali yeye, nitaendesha. Akikataa, usinitafute tena."

Walifika Jumamosi asubuhi. Philomena, mjane wa Pasikali, alikuwa amevaa kitenge cheusi kilichopauka, na hakutaka kukaa kwenye kiti. Alikaa kwenye gunia la chumvi.

"Mwakeye, tajiri," alisalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, mama Winifrida. Pole na njia."

"Nimeshapoa. Tusomee."

Tamimu alifungua daftari. Alikuwa ameandika upya mpango ule wa zamani, mabasi mawili badala ya moja, na tisini akaipandisha kuwa mia moja kwa kuwa nauli imepanda. Alisoma haraka. Bei ya magari. Petroli, juu ya dereva. Matengenezo madogo, juu ya dereva. Siku za kazi, ishirini na sita. Longinus alisikiliza akitazama sakafu.

Philomena hakujua kusoma, lakini alilima na kuuza maharage miaka kumi na mitano, na mtu wa namna hiyo humwibii kwa tarakimu. Alingoja mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Siku gari likisimama, dereva anakula nini?"

Tamimu akapekua ukurasa, akarudi nyuma, akapekua tena. Alikuwa anajua kabisa kwamba hamna. Dereva aliyelisimamisha gari alikosa chakula cha siku ile na bado alidaiwa tisini. Kwa hiyo dereva hasimamishi. Kwa hiyo dereva hasemi kwamba gari linaumwa, anakunja bomba, anaomba Mungu. Mpango haukuwa na kosa la kujumlisha hata moja, na ulikuwa umeua mtu.

Angeweza kunyamaza hapo. Alikuwa amenyamaza miezi kumi na moja. Lakini alimwona Longinus, mabega yale yale ya marehemu, na moyo ukamshinda.

"Mama Winifrida," alisema, "Pasikali alikuja hapa siku moja kabla ya ajali. Alisimama hapo ulipo. Aliniambia breki zinavuja, akaomba siku mbili aende Kigoma kutafuta raba na kurudi. Nikamwambia..." Akalisukuma daftari kando. "Nikamwambia, lete hesabu ya siku mbili, halafu hata ukitaka liweke wiki. Nilikuwa natania. Hapana, sikuwa natania. Sijamwambia mtu. Hata mke wangu hajui."

Mwanaamina, aliyekuwa ameshika sinia la chai mlangoni, alisikia kila neno. Aliliweka sinia chini taratibu.

Longinus aliinuka. Ngumi zilikuwa zimekunjwa na kwa dakika nzima hakuna aliyejua zitakwenda wapi. Tamimu hakurudi nyuma. Kwa kweli alitamani apigwe, ingekuwa nafuu.

"Kaa chini, Longinus," alisema Philomena.

"Shemeji, huyu ndiye aliye..."

"Nimesema kaa. Mimi najua. Pasikali aliniambia siku ile ile."

"Ukajua mwaka mzima ukanyamaza?"

Philomena alivuta kitenge mabegani. Alipoanza kusema hakumtazama yeyote kati yao.

"Alitoka hapa akaja nyumbani. Akaniambia, tajiri anataka mia na themanini nipate siku mbili. Tuuze mbuzi wawili. Mbuzi ni wangu, nimepewa na kaka yangu. Nikamwambia, gari ni la baba yako? Mwenye gari kakataa kulitengeneza, mbuzi wangu watalitengeneza kwa nini? Amka uende kazini." Akakung'uta chumvi kwenye kitenge. "Akaenda. Mbuzi bado wapo. Mmoja amezaa. Siwezi kuwauza, siwezi kuwachinja, kila asubuhi nawafungulia wananitazama."

Mteja alichungulia, akaona nyuso zile, akaondoka bila kuuliza bei.

Tamimu alivua miwani, akaifuta na pindo la kanzu, akaivaa tena. Kisha akachana ukurasa. Akaanza upya, akiandika na kusema kwa sauti ili Philomena asikie. Ijumaa nne. Siku tatu za fundi kila mwezi, gari likiwa zima au bovu. Siku nne za mvua na za kusubiri vipuri. Zinabaki kumi na tisa. Petroli, mwenye gari. Breki, mwenye gari, hata raba ya shilingi mbili. Dereva, mshahara mia nne na hamsini. Utingo, mia mbili. Mia tano za matengenezo ziwekwe kando kila mwezi hata pasipoharibika kitu. Alijumlisha, akatoa, akarudia. Gari halijilipi kwa miaka miwili. Linajilipa kwa miaka mitano na kidogo.

"Basi moja," alisema. "Fedha za la pili zitakaa. Mawili siwezi kuyalisha hivi."

"Mshahara umeuandika wapi?" aliuliza Philomena.

"Chini ya petroli."

"Uandike juu. Juu ya vyote. Na useme siku ya kusimama naye analipwa."

Tamimu akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Philomena akalichukua daftari, akalitazama kwa muda mrefu ingawa halikumwambia kitu, akampa Longinus.

"Soma."

Longinus akasoma: siku gari likisimama, dereva atalipwa kama siku gari likitembea.

"Soma tena."

Akasoma tena. Philomena alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa ikiyafuata maneno moja moja, na Longinus alipofika mwisho, yeye aliongeza jina la mumewe.